Mabega membamba na koti la suti: mshono wa bega utoke nje kiasi gani kabla koti halijaharibika?

Ngosha wa Igoma
Habari za jioni wakuu. Nina futi 5 na inchi 10, kifua inchi 36, na bega langu likipimwa mgongoni, mfupa hadi mfupa, linatoka inchi 16. Shati la saizi yangu ya kifua mshono wa bega unaangukia mkononi, na nikivaa sweta naonekana kama mvulana wa sekondari aliyerefuka ghafla.

Mwaka jana kaka yangu alioa, nikashonewa suti na fundi wa hapa mjini Mwanza. Nilimwambia wazi kwamba nataka mabega yaonekane. Akakata bega la inchi 18 na nusu, akajaza pedi nene. Siku ya kujaribu, mbele ya kioo, nikiwa nimesimama wima na mikono imetulia, niliridhika kabisa. Picha zilipotoka ndipo nikaona. Chini kidogo ya bega, pale mkono unapoanza, kuna bonde kila upande, kama mtu amekibonyeza kitambaa kwa kidole gumba na kikabaki hivyo. Kwenye picha nilizoinua mkono, koti lote limepanda na kola imeachana na shingo. Mabega yanaonekana ni ya koti, siyo yangu.

Sasa zamu ni yangu, ndoa ni wiki ya tatu kuanzia leo na sherehe itakuwa Nyegezi. Sitaki kurudia kosa lile, wala sitaki kuingia ukumbini na inchi zangu 16 zikionekana zote. Naomba wenye uzoefu wa kushona au kuvaa waniambie: mshono wa bega unaweza kutoka nje ya mfupa kiasi gani, na nini kinachosaidia zaidi ya pedi?

Kijana wa Kirumba
Mkuu, pedi ndiyo dawa. Mimi pia ni mwembamba wa mabega na nimetoka salama kwa njia hiyo. Fundi wako alikosea kitambaa tu. Tafuta kitambaa kizito, weka pedi nene mbili juu ya nyingine, nunua na shati la saizi moja juu ili lijaze ndani. Utatoka kifua mbele.

Mwana Bugando
Wiki tatu zinatosha kuanza pushapu. 50 asubuhi na 50 jioni, halafu kuning'inia kwenye bomba. Bega ni msuli.

Ngosha wa Igoma
Mwana Bugando, asante, mazoezi nafanya tangu Januari na msuli umeongezeka, ila mfupa uko palepale. Inchi 16 nilizotaja ni za mfupa.

Fundi wa Mkuyuni
Ngosha, pole kwa suti ile na hongera kwa hatua unayoiendea. Nimeshona makoti ya wanaume zaidi ya miaka 20 na tatizo lako nalipokea karibu kila msimu wa harusi, kwa hiyo nitakujibu taratibu.

Kwanza kabisa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na naona Kijana wa Kirumba ameyachanganya. Kuna bega fupi na kuna bega la kuteremka. Bega fupi ni umbali wa mfupa hadi mfupa kuwa mdogo. Bega la kuteremka ni mteremko mkali kutoka shingoni kwenda chini, hata kama umbali unatosha. Pedi ni dawa ya mteremko. Inanyanyua. Ukimwekea pedi nene mtu ambaye bega lake ni fupi lakini limekaa sawa, unalipandisha karibu na sikio, shingo inamezwa, na upana unabaki uleule. Ndiyo maana mtu anajaza pedi juu ya pedi na bado haridhiki.

Jipime hivi. Simama umelegea, mwambie mtu aweke rula ilale sawasawa kuanzia pale shingo inapokutana na bega, ielekee nje. Kisha apime kutoka kwenye rula kushuka hadi kwenye ncha ya mfupa wa bega. Karibu inchi 2 ni kawaida. Ikifika 2 na nusu, bega linateremka. Niandikie jibu ndipo niendelee, maana dawa haiwi moja.

Mama Furaha Buzuruga
Samahani fundi nikuingilie. Mume wangu amebeba magunia ya dagaa Mwaloni miaka mingi, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Kila koti akivaa linavutika upande mmoja, na mkono mmoja unaonekana mrefu. Je, naye atanuliwe mabega?

Fundi wa Mkuyuni
Mama Furaha shikamoo. Huyo hatanuliwi. Huyo anawekewa pedi mbili zisizolingana: upande ulioshuka unaongezewa unene kidogo, robo inchi mara nyingi inatosha. Ukijaribu kuyasawazisha kabisa, upande wenye pedi nene utaonekana umebebwa. Dalili ya kwamba pedi haijatosha ni mkunjo wa mshazari unaotoka shingoni kwenda kwapani upande ule ulioshuka. Ongeza kidogo kidogo mpaka mkunjo upotee, uishie hapo. Mkono wa koti usipimwe kabla ya hapo, maana pedi ikinyanyua bega na mkono unapanda nao.

Mama Furaha Buzuruga
Marahaba baba. Mkunjo huo upo kabisa, nilidhani ni pasi mbaya. Asante sana.

Ngosha wa Igoma
Fundi, shikamoo. Mchumba wangu amepima mara mbili. Inashuka inchi 1 na robo tatu kila upande.

Fundi wa Mkuyuni
Marahaba. Basi bega lako limekaa sawa, ni fupi tu. Huhitaji kunyanyuliwa, unahitaji kupelekwa nje, tena kwa kipimo.

Koti la kawaida mshono wa bega hukaa kwenye mfupa au unatoka kidogo. Kwako wewe ningetoa mshono nusu inchi nje ya mfupa kila upande, na nikiona kitambaa kinakubali nitafika robo tatu. Maana yake bega la koti ni kati ya inchi 17 na 17 na nusu. Yule aliyekushonea alitoka inchi 1 na robo kila upande. Sababu ya lile bonde ni hii: mkono wa koti unaning'inia kutoka kwenye mshono wa bega. Ndani ya ile nusu inchi ya mwanzo, msuli wa juu wa mkono wako bado unakisukuma kitambaa kutoka ndani, kwa hiyo kinakaa kimejaa. Ukivuka hapo, chini ya mshono ni hewa tupu. Kitambaa kinashuka wima, kisha kinakutana na mkono wako chini yake, na pale kinapoingia ndani kuufuata ndipo bonde linatokea. Pedi hailizibi, maana pedi iko juu na bonde liko chini yake.

Na kola kuachana na shingo ulipoinua mkono ni tundu la kwapa. Anayetanua bega kwa haraka huwa anashusha na tundu la kwapa ili mkono uingie kirahisi. Tundu likiwa chini, ukiinua mkono unanyanyua koti zima. Mwambie fundi wako tundu likae juu, karibu na kwapa lakini lisiume, ndipo bega litulie mkono ukitembea.

Sasa ile nusu inchi iliyotoka nje lazima ishikwe. Pedi iwe nyembamba lakini ngumu, ukingo wake wa nje unene wa nusu inchi hivi, na usiishie kwenye mshono: utoke kidogo, kama upana wa ncha ya kidole kidogo, uingie ndani ya mkono. Halafu kuna kitu ambacho mafundi wengi wa haraka wanakiruka. Ni utepe wa kujaza kichwa cha mkono. Mimi nakata kipande cha kitambaa laini chenye manyoya, au pamba ya kushonea iliyobanwa, upana wa inchi 1 na nusu, urefu wa inchi 9 au 10. Nakikata mshazari ili kipinde bila kukunjamana, nakishona ndani kwenye ukingo wa mshono kuanzia mbele ya bega, kinapita juu, kinaishia nyuma. Kazi yake ni kukisukuma kichwa cha mkono kijae pale kinapotoka kwenye bega. Ukigusa kwa nje unasikia kimviringo laini chini ya kidole. Hicho kimviringo kinapokea mwanga kwa juu na kutupa kivuli kidogo chini yake, na jicho linasoma mwisho wa bega pale, siyo pale mfupa wako ulipo.

Ukienda kujaribu, usisimame kama askari kwenye gwaride. Kunja mkono kama unapokea simu, unyooshe mbele kama unamsalimia mzee, ushushe. Kisha tazama bega bila kurekebisha kitambaa kwa mkono. Kikirudi chenyewe bila bonde, kipimo ni chako.

Mzee wa Mlango Mmoja
Fundi amesema ya kushona, mimi niongeze ya mitumba, maana makoti yapo mengi na mengine yameshonwa vizuri kuliko mapya.

Chagua kwa bega, vingine vyote fundi atapunguza. Kiuno kinabanwa, mikono inafupishwa, lakini bega la koti lililokuwa dogo halitanuki, ndani ya mshono pale juu mara nyingi hamna akiba ya kitambaa. Na bega kubwa sana kulirudisha ndani ni kung'oa mkono wote na kuukata upya. Fundi anaweza kukutoza zaidi ya bei ya koti.

Kipimo changu sokoni ni ukuta, maana vioo vyetu ni vidogo. Mteja anavaa koti, anasimama ubavu ukielekea ukutani, anausogelea polepole mkono ukiwa umelegea. Mkono ukigusa ukuta kwanza, bega ni dogo au liko sawa. Bega la koti na mkono vikigusa karibu pamoja, hapo ndipo mtu kama Ngosha anapopataka. Bega la koti likigusa ukuta na mkono bado uko mbali, rudisha kwenye kamba.

Kijana wa Kirumba
Fundi nimekuelewa kuhusu pedi. Nimejipima kwa rula, mimi inashuka karibu inchi 2 na nusu. Kumbe ndiyo maana pedi zilinisaidia mimi. Lakini shati kubwa bado nasimamia, linajaza.

Fundi wa Mkuyuni
Shati kubwa naomba uliache, kijana wangu. Linajaza kiuno na tumbo, sehemu ambazo mtu wa mabega membamba hataki zijae. Na mshono wa bega ukiteremkia mkononi, umemwonyesha kila mtu pale bega lilipopaswa kuwa na halipo. Ukivaa koti juu yake, kitambaa cha ziada kinajikusanya kwapani na kulisukuma koti. Shati mshono wake ukae juu ya mfupa kabisa, usitoke hata kidogo. Koti ndilo linalotoka.

Ngosha wa Igoma
Nashukuru sana fundi na mzee wangu. Jana nimekwenda kwa fundi mpya Mabatini nikiwa na maneno haya kwenye simu. Utepe wa kichwa cha mkono anaujua, alisema wateja hawalipii muda wake ndiyo maana hauweki. Tumekubaliana bega la inchi 17 na robo. Sasa ananiuliza kola. Anataka kuniwekea nyembamba, anasema mtu mwembamba avae kola nyembamba. Na je, nivae kizibao ndani?

Fundi wa Mkuyuni
Kola nyembamba inakufaa mwili lakini inakuangusha bega. Chukua mbele ya koti: kuna kola iliyolala kifuani, na kuna kitambaa kinachobaki kutoka ukingo wa kola hadi mshono wa mkono. Jicho linalinganisha hivyo viwili. Kola ikiwa ya inchi 2, inakaa katikati kama mstari mwembamba wa wima na inamvuta mtazamaji juu na chini. Ikiwa ya inchi 4 na nusu, inakaribia kugusa mkono, na kile kitambaa kidogo kilichobaki kinasema bega limeishia hapo. Kwa kifua chako ningekaa inchi 3 na robo hadi 3 na nusu, yaani kola ivuke katikati kidogo tu.

Kuhusu umbo, omba ile ambayo ncha yake inapanda na kuelekea kwenye bega, siyo ile ya kawaida yenye pengo lililolala. Ncha ikielekea nje inachora mstari kutoka kifungoni hadi begani, na mstari huo unatanuka kadiri unavyopanda. Muhimu ncha iwekwe juu, usawa wa mfupa wa mtulinga au chini yake kidogo. Ikishuka kifuani, bega linashuka nayo.

Kiuno kibanwe kiasi. Kikibanwa mpaka kifungo kinavuta mikunjo ya umbo la herufi X, umeharibu. Bega linaonekana pana kwa kulinganishwa na kiuno, lakini mikunjo inasema koti ni dogo, na mtu wa koti dogo haonekani mpana popote.

Mpiga Picha wa Kapripointi
Naomba niseme la kola ya shati, maana mimi huwaona kupitia kamera. Shati lenye ncha ndefu zinazoelekea chini linafanya pembetatu nyembamba shingoni na uso unaonekana mrefu. Ncha zinazofunguka kuelekea pembeni, zikaingia chini ya kola ya koti pande zote mbili, zinaweka mstari wa kulala pale juu. Ncha zisiachwe zikielea nje ya koti. Na fundo la tai lisiwe dogo kama la mwanafunzi wala kubwa kupita kiasi, lijaze tu pengo la kola.

La pili, Ngosha, mwambie mpiga picha wako asikusogelee na kamera usawa wa uso. Kilicho karibu na lenzi kinakua. Kichwa kikiwa karibu, kichwa kinakua na mabega yanarudi nyuma. Arudi mita 3 au 4, ashushe kamera usawa wa kifua, halafu avute kwa lenzi. Makoti mengi yanalaumiwa kwa kosa la simu iliyoshikwa kwa mkono mmoja.

Mzee wa Mlango Mmoja
Kizibao nina neno nacho. Ndani ya koti kinapendeza, kinakijaza kifua kilicho bapa na koti linapata kitu cha kulalia. Lakini harusi zetu mnazijua. Saa 3 usiku ukumbi umejaa, upepo wa ziwa haufiki ndani, muziki umeanza, bwana harusi anavua koti. Kizibao hakina mikono, na mabega yake hukatwa kuingia ndani ya mfupa ili kisilipige koti. Akishavua, kile kizibao kimemchorea mabega yake mafupi kwa mstari mweusi juu ya shati jeupe. Nimeona vijana wawili watatu wakipendeza kanisani na kupotea ukumbini kwa sababu hiyo.

Ngosha wa Igoma
Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Basi kizibao nakiacha. Lakini joto litanilazimisha nivue.

Fundi wa Mkuyuni
Punguza joto kwa kitambaa. Usichukue poliesta tupu ya kung'aa. Inabana jasho, na mng'ao wake unaonyesha kila bonde dogo begani. Chukua mchanganyiko wenye sufu nyepesi isiyong'aa, na mgongoni mwambie fundi aweke bitana nusu tu, ile ya juu ya mabega na mikono ibaki. Bega linabaki limeshikwa na mgongo unapumua. Kwa jioni za Nyegezi utalivaa mpaka keki ikatwe.

Dada wa Pasiansi
Mimi nauliza kwa ajili ya siku za kawaida, kaka yangu havai suti kabisa. Ofisini kwao ni shati na suruali. Anavaa tisheti na shati la wazi juu, wanasema kuvaa tabaka tabaka kunatanua. Naona bado ni yuleyule.

Mzee wa Mlango Mmoja
Shati likiachwa wazi, tisheti ya ndani inakuwa ukanda mrefu wa wima katikati, hasa tisheti ikiwa nyeupe na shati jeusi. Ukanda huo ndio unaoonekana, na ni mwembamba. Mwambie tofauti ya rangi iwe ndogo, au afunge vifungo vya chini na kuacha viwili vya juu. Halafu atafute koti la jinzi au shati zito lenye mshono wa kulala kifuani na mifuko miwili juu, yale yenye vile vipande vya kitambaa begani kama ya jeshi ndiyo bora zaidi. Aepuke sweta na tisheti ambazo mshono wa mkono unakwenda mshazari kutoka kwapani hadi shingoni. Hizo hazina bega, na asiye na bega ndani zinamwacha wazi.

Kijana wa Kirumba
Wakuu, na koti la vifungo mistari miwili? Naona mabwana harusi wengi wanalivaa sasa.

Mzee wa Mlango Mmoja
Kwa mtu mwembamba wa mabega ni zuri sana. Kola yake ni pana, ncha zinapanda, na vifungo vya juu vimetawanyika.

Fundi wa Mkuyuni
Hapa mimi na mzee hatukubaliani. Kwa kijana mwenye kifua inchi 36, kitambaa kinachopishana mbele kinaongeza unene tumboni, na wengi huliacha wazi wakikaa, hapo linaning'inia kama shuka. Nimelishona kwa wachache likawafaa, wote walikuwa warefu kuliko Ngosha.

Mzee wa Mlango Mmoja
Na mimi nimeliuza kwa wafupi wakarudi kunishukuru. Labda ni namna vifungo vya juu vilivyopangwa.

Ngosha wa Igoma
Wakuu, nimetoka kujaribu mara ya kwanza, koti bado lina nyuzi nyeupe za kushikizia. Bega 17 na robo, kola 3 na nusu, ncha juu. Nimepokea simu ya uongo, nimemsalimia fundi kwa mkono ulionyooshwa, nikaushusha. Upande wa kushoto umerudi safi. Upande wa kulia kuna kibonde kidogo, siyo kama kile cha mwaka jana, kwa nyuma zaidi kuliko mbele. Kola haikuachana na shingo. Ukutani bega na mkono vimegusa pamoja pande zote mbili.

Fundi wa Mkuyuni
Bonde la nyuma upande mmoja, na ukuta unasema upana uko sawa, basi bega usiliguse. Huo ni mkono uliowekwa ukiwa umeelekea mbele kupita unavyosimama wewe. Mwambie aung'oe mkono wa kulia peke yake, auzungushe kurudi nyuma robo inchi, aushikize kwa uzi mweupe kwanza. Ujaribu tena kabla hajapiga mashine.

Ngosha wa Igoma
Nimemtumia ujumbe huu sasa hivi. Amejibu niende Alhamisi jioni. Nitaleta picha, kamera usawa wa kifua, mita 3.